Mkazo Uliojificha Ndani ya Wastani

Chukua bomba la maji lenye kipenyo cha milimita 100, laini ndani, maji yakipita kwa kasi ya wastani ya mita 1 kwa sekunde. Kama maji hayo yangeteleza kwa tabaka zilizotulia, hesabu ya mnato peke yake ingetoa msuguano ukutani wa paskali 0.08 hivi. Lakini pima jinsi presha inavyopungua kutoka ncha moja ya bomba hadi nyingine, utakuta msuguano halisi unakaribia paskali 2.2, zaidi ya mara 25. Pampu inafanya kazi hiyo yote ya ziada, na umeme wake unalipiwa.

Chanzo ni msukosuko. Mnamo 1883, Osborne Reynolds wa Manchester alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo. Kasi ilipokuwa ndogo, uzi ulinyooka. Ilipoongezeka, ulivurugika na kuenea bomba zima. Mwaka 1895 akatoa njia ya kukokotoa mvurugiko huo: kasi ya maji katika nukta moja igawanywe mara mbili, wastani wake kwa muda, na mtikisiko unaopanda na kushuka kuzunguka wastani huo. Muda wa kupimia lazima uwe mrefu kuliko mizunguko mikubwa ya maji. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: ongeza muda mara mbili, na wastani ukihama, bado hujapima vya kutosha.

Kwa jinsi ulivyofafanuliwa, mtikisiko wenyewe una wastani wa sifuri. Mtu anaweza kudhani basi kwamba unatoweka kwenye hesabu. Hautoweki, na hapa ndipo penye uzuri wa jambo lote.

Tuangalie nukta iliyo milimita 5 kutoka ukutani, ambapo maji huenda kwa wastani wa mita 0.88 hivi kwa sekunde. Donge la maji likitoka karibu na ukuta na kupanda hadi hapo, linafika likiwa na mwendo wa polepole wa kule lilikotoka. Tuseme limepanda kwa mita 0.04 kwa sekunde, na mtikisiko wake wa mbele ni hasi 0.1. Zao la namba hizo mbili ni hasi. Sasa donge jingine linashuka kutoka katikati ya bomba: mtikisiko wake wa wima ni hasi, lakini linakuja na kasi kubwa, kwa hiyo wa mbele ni chanya. Zao ni hasi tena. Yapo madonge yanayokwenda kinyume, ila ni wachache wa nguvu, na wastani wa mazao yote hubaki hasi. Uzidishe kwa densiti ya maji, ugeuze alama, unapata mkazo wa ziada wa paskali 2 hivi. Mnato, mahali hapohapo, unatoa paskali 0.02 tu.

Ubadilishanaji huo wa madonge ndio unaosukuma maji yenye kasi hadi karibu kabisa na ukuta, yakakwaruzana nao kwa nguvu.

Tatizo ni kwamba wastani wa mazao hayo haujulikani kabla ya kupima. Mwaka 1925 Ludwig Prandtl, huko Göttingen, alipendekeza kukisia: donge husafiri umbali fulani likihifadhi kasi yake, kisha huchanganyika na maji linayoyakuta. Umbali huo ndio urefu wa mchanganyiko. Karibu na ukuta, madonge hubanwa na ukuta wenyewe, kwa hiyo urefu huo unachukuliwa kuwa takriban 0.4 ya umbali kutoka ukutani. Kwa nukta yetu ni milimita 2. Kasi hapo hubadilika kwa takriban mita 24 kwa sekunde katika kila mita ya kwenda juu. Zidisha namba hiyo kwa mita 0.002, upate 0.048, ipige kipeo cha pili, kisha mara 1,000 ya densiti: paskali 2.3. Kwa kisio jepesi namna hii, ukaribu huo na kipimo unanistaajabisha kila mara.

Lakini kisio hili lina mipaka. Ndani ya sehemu ya kumi ya milimita kutoka ukutani mnato ndio unaotawala, na kanuni hiyo ikiachwa bila kupunguzwa inatoa msukosuko mwingi kupita kiasi; mwaka 1956 van Driest aliongeza kipengele cha kuudidimiza. Katikati ya bomba kosa ni la upande mwingine: kasi ya wastani haibadiliki hapo, hivyo kanuni inasema hakuna mchanganyiko, ilhali rangi ikidondoshwa hapo inaenea vizuri tu. Na nyuma ya vali iliyofungwa nusu, ambako maji hugeuka na kurudi, madonge huletwa na mkondo kutoka mbali, na umbali kutoka ukutani haupangi tena ukubwa wake. Hapo mhandisi huuweka kando urefu wa mchanganyiko na kufuatilia nishati ya msukosuko kwa mlinganyo wake yenyewe.