Barua ya maombi ya kazi na wasifu: kila kimoja kibebe nini kwa mhitimu anayeomba kazi ya kwanza

Kila vyuo vinapofunga na vijana kurudi nyumbani, kwenye simu za kipindi huingia swali lile lile: "Tangazo limesema nitume barua ya maombi na sivii. Si ni kitu kimoja hicho?" Wengine huenda mbali zaidi, wakachukua yale yale yaliyo kwenye wasifu, wakayapanga kwa aya, wakaandika "Yah" juu yake na kuita barua. Leo tunaeleza tofauti ya karatasi hizi mbili. Tutatumia mfano mmoja wa huku kwetu Bugarama, ambako kazi nyingi zinazotangazwa hutoka kwa makandarasi wanaohudumia mgodi wa Bulyanhulu, halmashauri, shule, zahanati na taasisi za fedha.

Wasifu, ambao wengi tunauita sivii, ni kumbukumbu yako. Unaeleza wewe ni nani, umesoma wapi, umefanya nini na nani anaweza kuthibitisha. Haubadiliki sana kutoka ombi moja hadi jingine. Barua ni jibu. Mwajiri ametoa tangazo lenye mahitaji yake, nawe unamjibu yeye peke yake kwamba umeyasoma na unayaweza kwa sababu hizi na hizi. Kwa hiyo wasifu mmoja unaweza kuutuma sehemu kumi ukiurekebisha kidogo, lakini barua moja haiwezi kutumika sehemu mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Bugarama amemaliza stashahada ya ununuzi na ugavi. Mkandarasi mmoja wa Kakola ametangaza nafasi ya karani wa ghala. Anataka mtu mwenye stashahada ya fani hiyo, anayeweza kutunza leja, anayejua kutumia kompyuta na aliye tayari kufanya kazi kwa zamu. Binti huyu hajawahi kuajiriwa. Alifanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kwenye halmashauri, na wakati wa likizo alikuwa akiandika daftari kwenye karasha la mjomba wake.

Tuanze na wasifu. Juu kabisa aweke majina yake kamili kama yalivyo kwenye vyeti, namba ya simu inayopatikana, barua pepe na mahali anapoishi. Kama majina ya kwenye vyeti yanatofautiana na ya kitambulisho cha NIDA, hilo alishughulikie mapema kwa hati ya kisheria, maana mwajiri ataliona siku ya kukagua vyeti. Dini, kabila na idadi ya watoto havina kazi hapo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa mambo kama kabila, dini au hali ya ndoa, na katazo hilo linamgusa hata anayeomba kazi. Tarehe ya kuzaliwa aiweke pale tangazo linapotaja umri.

Ifuate elimu, akianza na ya karibuni: stashahada, kisha kidato cha sita kama alipita huko, kisha kidato cha nne. Kila mstari uwe na mwaka, jina la chuo au shule na kiwango alichopata. Shule ya msingi si lazima.

Baada ya hapo ndipo wahitimu wengi hukwama. Wanafika kwenye kichwa kisemacho "Uzoefu" na kuandika "Sina", au wanaandika mstari mmoja: "Fildi, halmashauri, 2024." Mstari huo haumsaidii msomaji, kwa kuwa hausemi mtu huyu alikuwa akifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Binti wetu aandike hivi:

"Julai hadi Septemba 2024, mafunzo kwa vitendo, kitengo cha ununuzi, halmashauri ya wilaya. Nilijaza leja ya vifaa vya ofisi kila siku. Niliandaa hati za kupokelea na kutolea mali. Nilishiriki kuhesabu mali ya stoo mwisho wa mwezi na kulinganisha hesabu na leja."

Na lile daftari la karasha nalo liingie. Wengi huona haya kuliandika kwa sababu halikuwa na mkataba wala mshahara wa benki. Lakini mtu aliyekuwa akiandika viroba vya mawe vilivyoingia, jina la mwenye mzigo, saa alizosagiwa na fedha aliyolipa, jioni akapiga hesabu ikalingana na iliyo mkononi, huyo amefanya kazi ya karani wa ghala. Aandike: "Desemba 2023 hadi Januari 2024, mwandishi wa kumbukumbu, karasha la familia, Bugarama. Niliandika mizigo iliyoingia na kutoka na kufunga hesabu ya fedha kila jioni." Sharti ni moja tu: liwe jambo alilofanya kweli, maana ataulizwa kwenye usaili.

Kisha ujuzi, na hapa aseme anachokiweza kwa jina lake. "Najua kompyuta" ni maneno mapana. "Naweza kuandaa jedwali la bidhaa kwenye Excel na kulijumlisha" ni jambo linaloweza kupimwa.

Mwisho waje wadhamini, kwa kawaida watatu. Wanaofaa ni mkufunzi aliyemfundisha, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, na mtu mwingine anayejua utendaji wake. Mjomba mwenye karasha ni ndugu, kwa hiyo mwajiri hatampa uzito sana. Kila mdhamini apigiwe simu kabla jina lake halijaandikwa. Anayepigiwa na mwajiri akajibu "Huyo simkumbuki vizuri" amekwisha kukuharibia bila kukusudia. Yote haya kwa mhitimu mpya yanaenea kwenye kurasa moja au mbili.

Sasa barua. Umbo lake tunalijua tangu shuleni: anwani yako na tarehe, anwani ya unayemwandikia, salamu, kichwa cha barua, maelezo, sahihi na jina. Tatizo liko kwenye maelezo. Barua nyingi huanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye akili timamu na afya njema, naomba kazi yoyote katika kampuni yako." Hapo msomaji ameshamaliza mistari mitatu na bado hajajua lolote linalomtofautisha mwombaji huyu na mwingine. Tena maneno "kazi yoyote" yanamwambia kwamba tangazo halikusomwa.

Binti wetu anahitaji aya tatu, zisizozidi ukurasa mmoja. Ya kwanza itaje nafasi na mahali alipoona tangazo. Ya pili ichukue mahitaji mawili makubwa ya tangazo na kuyajibu kwa mambo aliyofanya. Ya tatu ijibu yale ambayo wasifu hauwezi kuyasema, kama utayari wa zamu na siku ya kuanza. Isomeke namna hii:

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA GHALA

Ninaomba nafasi ya karani wa ghala iliyotangazwa kwenye ubao wa ofisi ya kata ya Bugarama.

Tangazo linahitaji mtu anayeweza kutunza leja na kutumia kompyuta. Katika wiki nane za mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri nilijaza leja ya stoo kila siku, na mwisho wa mwezi nilishiriki kuhesabu mali na kuilinganisha na leja. Palipotokea tofauti, tulirudi kwenye hati za kutolea mali hadi tukaona iliposababishwa. Orodha ya bidhaa niliiandaa kwenye Excel.

Ninaishi Bugarama na niko tayari kufanya kazi kwa zamu, za mchana na za usiku. Ninaweza kuanza kazi wiki moja baada ya kuitwa. Nimeambatisha wasifu na nakala za vyeti vyangu. Ninapatikana kwa simu iliyo hapo juu."

Tazama jinsi barua na wasifu vinavyogawana kazi. Wasifu umesema alijaza leja. Barua imechukua jambo hilo moja na kueleza alifanya nini hesabu zilipogoma kulingana, jambo ambalo mwenye ghala analitafuta hasa. Barua haikurudia mwaka aliomaliza kidato cha nne, kwa sababu upo kwenye wasifu. Wasifu nao haukusema lolote kuhusu zamu, kwa sababu hilo ni la mwajiri huyu. Ukitaka kupima barua yako, futa jina la kampuni na nafasi uliyoomba. Kama barua bado inaweza kwenda kwa mwajiri yeyote, hujajibu tangazo.

Kwa kazi za serikali utaratibu una tofauti zake. Maombi mengi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye mfumo wa Ajira Portal, portal.ajira.go.tz. Huko taarifa za wasifu unazijaza kipande kwa kipande: elimu, mafunzo, uzoefu, wadhamini. Barua inabaki karatasi yako, na matangazo yao hutaka iwe imesainiwa. Kwa hiyo ichape au iandike, isaini kwa kalamu, kisha iskani na kuipandisha kwenye mfumo. Anwani ya kuandikia hutolewa mwishoni mwa tangazo, kwa cheo cha Katibu, nawe uinakili ilivyo. Matangazo hayo pia hueleza kwamba karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti. Kama cheti bado kiko shuleni au chuoni, kifuate kabla tangazo halijatoka, kwa sababu muda wa kutuma maombi huwa mfupi.

Kwa kampuni binafsi, mara nyingi utatuma kwa barua pepe. Wengi wetu huchapiwa steshenari, na hapo ndipo kosa moja hujitokeza: mchapaji hufungua barua ya mteja wa jana, akabadilisha jina juu na kusahau jina la kampuni katikati. Kabla hujalipa, isome barua yote kwenye karatasi. Omba utumiwe mafaili mawili ya PDF, moja la barua na jingine la wasifu, yenye majina yanayoeleweka, kama jina lako likifuatiwa na "Barua" au "Wasifu". PDF haivurugiki mistari ikifunguliwa kwenye simu au kompyuta nyingine. Kwenye barua pepe yenyewe usiache patupu. Andika mistari miwili: unaomba nafasi gani, na umeambatisha nini.

Halafu jitumie wewe mwenyewe kwanza. Fungua mafaili kwenye simu yako, hakikisha kila kimoja kinafunguka na namba ya simu iliyoandikwa ni ile unayoishika. Ukiona viko sawa, mtumie mwajiri, na uhifadhi nakala ya tangazo pamoja na barua uliyotuma, maana ukiitwa kwenye usaili baada ya mwezi mmoja utaulizwa kuhusu yaliyomo ndani yake.