Mwega Ulioondolewa

Kompyuta ilikuwa imetoka Mwanza kwa basi, imesimama wima kwenye buti katikati ya magunia. Mwenyewe anahariri video za harusi, na ndani alikuwa ameweka kadi kubwa ya grafiki iliyomgharimu zaidi ya vitu vingine vyote vya mashine hiyo vikijumlishwa. "Fundi, feni zinazunguka, taa zinawaka, ila skrini haileti kitu," alisema. Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilichukua rula nikapima umbali kati ya tumbo la kadi na kifuniko cha pawa saplai kilicho chini yake. Upande wa nyuma, karibu na bamba lenye matundu ya kuchomekea skrini, nilipata milimita 96. Upande wa mbele, kadi inapoishia, nilipata 85. Kadi yenye urefu wa sentimita 30 hivi ilikuwa imeinama zaidi ya sentimita moja.

Nilipoichomoa na kuimulika kwa tochi, ufa ulikuwa pale pale nilipoutarajia. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye kona ya kulabu ile ndogo inayoshikwa na kikufuli cha plastiki cha sloti, na ukipanda kuelekea kwenye chipu za kumbukumbu.

Mwenye mali alililaumu basi. Basi lina lawama yake, lakini lilimalizia tu kazi iliyoanza zamani.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ile ambayo PC zote hizi ni wajukuu zake, ililala bapa mezani na skrini ikakaa juu yake. Ubao mama ulikuwa sakafuni mwa kasha, na kadi zilisimama juu yake kama vitabu kwenye rafu. Uzito ulishuka moja kwa moja kwenye sloti. Zaidi ya hapo, kadi ndefu iliyofika hadi ukuta wa mbele ilikuta kipande cha plastiki chenye mfereji, na ncha yake ikateleza humo na kutulia. Nyuma ilishikwa kwa skrubu, chini kwa sloti na mbele kwa mfereji, kwa hiyo haikuwa na pa kwenda.

Baadaye makasha yalisimamishwa. Kiwango cha ATX kilichotolewa na Intel mwaka 1995 ndicho tunachokitumia hadi leo, na katika kasha lililosimama ubao mama unakuwa ukutani huku kadi ikijitokeza ubavuni kama rafu. Wakati huohuo kadi zilikuwa zinafupika, kwa sababu chipu moja ilianza kufanya kazi ya chipu ishirini. Mfereji wa mbele ukabaki bila kazi. Ukaondolewa kwenye makasha ya watu wa kawaida, nafasi yake zikapewa diski na feni, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakukuwa na la kulalamikia. Kadi nyepesi ya kiganja kimoja inajishikilia yenyewe.

Kisha zikaanza kunenepa upya. GTX 1080 ya mwaka 2016 ilikula wati 180, na ile iliyotengenezwa na NVIDIA wenyewe ilikuwa na uzito wa kilo moja hivi. RTX 4090 ya mwaka 2022 inakula wati 450 na uzito wake umepita kilo 2, na baadhi ya kampuni zinazoweka vipozea vyao wenyewe zimefika kilo 2 na nusu. Joto likizidi, kipozea nacho hukua, na kipozea ni shaba na alumini. Ila sloti haikubadilika umbo. Ni ile ile ya sentimita 9 hivi, iliyoanza kutumika kadi zilipokuwa nyepesi.

Lakini mfereji haukupotea kila mahali. Kompyuta za kitaalamu za ofisi za uhandisi zimeendelea kuwa na kishikizo cha mbele, na kadi za kazi nzito kama RTX A6000 zina matundu ya skrubu kwenye ncha ili kishikizo hicho kifungwe. Maarifa yalikuwepo muda wote. Walioyakosa ni wanunuzi wa kasha la kioo na taa za rangi, ambao ndio hao hao wanaouziwa kadi nzito kuliko zote.

Mzigo wenyewe si mkubwa ukiutazama kwa kilo. Tatizo ni mahali ulipo. Nyosha mkono ushike chupa ya maji ya lita mbili, kisha subiri dakika tano. Kadi ya kilo 2.2 yenye kitovu cha uzito sentimita 15 kutoka kwenye bamba la nyuma hufanya hivyo usiku na mchana. Bamba ndilo bega lake, na hilo ni bati jembamba lililofungwa kwa skrubu mbili au tatu kwenye bati jingine la kasha, ambalo nalo hupinda. Bega likilegea kidogo tu, ncha ya mbele hushuka, na sloti huanza kubeba mzigo wa kukunja ambao haikuundiwa.

Watengenezaji wa ubao mama waliliona hilo, na tangu takriban muongo mmoja uliopita wamekuwa wakivisha sloti bati la chuma. Sloti kweli haivunjiki tena kirahisi. Kwa maoni yangu, walichofanya ni kuhamisha udhaifu. Sloti ngumu haifuati kadi inapoinama, kwa hiyo mkunjo wote unakusanyika kwenye kadi, na kwenye kadi unatafuta kona kali kuliko zote, yaani kulabu. Mwaka 2023 mafundi wa Ulaya na Marekani walionyesha hadharani kadi kubwa zilizopasuka hapo hapo. Ubao wa kadi hizi una matabaka mengi ya njia za shaba, na ufa ukishapita kwenye matabaka ya ndani, fundi mwenye risasi na darubini anaweza kuunganisha za juu tu. Dhamana mara nyingi haisaidii, kwa kuwa kampuni huuhesabu ufa kuwa umetokana na mnunuzi.

Ufa hauji kwa siku moja, na kuna dalili ya mapema ambayo wengi hawaitazami. Kadi kubwa huzungumza na ubao mama kwa njia 16. Pini chache zikianza kugusa vibaya, mashine haizimiki. Inapunguza njia na kuendelea, na wewe unaona tu michezo au video zikikwama kidogo. Kwa kadi za NVIDIA andika hivi kwenye dirisha la amri:

```
nvidia-smi --query-gpu=pcie.link.width.current,pcie.link.width.max --format=csv
```

Ukiona 16 na 16, uko salama. Ukiona 8 au 4 mahali palipokuwa na 16 mwezi uliopita, zima mashine ukaitazame sloti. Usikimbilie kulaumu kuinama kabla ya kujua ubao wako, maana kuna kadi zilizoundwa na njia 8 tu, na kuna ubao mama unaoigawia diski ya M.2 njia za sloti. Kinachosema ukweli ni mabadiliko.

Mteja wangu alinunua kadi nyingine, ya kilo 2.2. Hii tuliifunga kwa utaratibu. Kwanza nililaza kasha chali, ubao mama ukiwa chini kama ilivyokuwa kwa IBM, nikaisukuma kadi mpaka kikufuli kikalia. Skrubu za bamba nilizikaza kasha likiwa bado limelala. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na hasara yake ni kwamba ukizikaza kasha likiwa limesimama, unazikaza kadi ikiwa tayari imeinama, na kuanzia hapo bamba linalinda kosa badala ya kulizuia.

Nilipolisimamisha, rula ilisoma 96 nyuma na 94 mbele. Hapo ndipo mwega unapoingia. Nilitumia nguzo fupi ya alumini yenye sumaku chini na skrubu ya kurefusha, nikaiweka juu ya kifuniko cha pawa saplai, chini ya kona ya mbele iliyo karibu na kioo, kwa kuwa hiyo ndiyo hushuka zaidi. Kichwa chake kiliegemea fremu ya kipozea, mbali na panga za feni na mbali na ubao wenyewe. Nikairefusha mpaka ikagusa, kisha robo mzunguko zaidi. Ikiwa sentimita 28 kutoka kwenye bamba, nguzo hiyo inabeba takriban kilo 1.2, yaani zaidi ya nusu ya kadi, na bega linabaki na kilo moja tu.

Robo mzunguko inatosha. Nimeona watu wakiweka pima maji juu ya kadi na kupandisha nguzo mpaka tone la hewa likae katikati, bila kuuliza kama kasha lenyewe limenyooka au meza yao imenyooka. Kadi iliyoinuliwa kupita kiasi inakunjwa upande wa pili, na kona ile ile ya kulabu inaumia vilevile. Hata iliyozoea kuinama kwa mwaka mzima haipaswi kulazimishwa. Bora ichomolewe na kufungwa upya kasha likiwa limelala.

Mwenyewe aliuliza kwa nini tusiisimamishe kadi ielekee kioo, kama alivyoona kwenye picha. Inawezekana kwa waya bapa wa kurefusha sloti, na kweli uzito hapo unaukuta ubao ukisimama kwa ubavu wake mgumu. Ila feni zikiwa sentimita moja au mbili kutoka kwenye kioo zinavuta hewa kwa shida, na waya wa kizazi cha 3 kwenye kadi ya kizazi cha 4 unaweza kukuletea skrini nyeusi hadi ushushe kasi kwenye BIOS. Kwake yeye, anayeacha mashine ikitoa video usiku kucha, sikuona faida. Kulaza kasha zima ni dawa bora na ya bure, kwa mwenye meza kubwa na kasha lisilopumulia ubavuni. Meza yake haikutosha.

RTX 5090 iliyouzwa na NVIDIA wenyewe mwaka 2025 imerudi kwenye unene wa sloti mbili na uzito wa chini ya kilo 2, ingawa inakula wati 575. Kwa hiyo wembamba unawezekana. Kampuni nyingine zinazouza chipu hiyo hiyo zimebaki na vipozea vinene, na sasa baadhi hutia nguzo ndani ya boksi pamoja na kadi. Ule mfereji wa plastiki wa 1981 umerudi kama kitu unachofunga mwenyewe, ukikumbuka.

Mashine ilirudi Mwanza kwa basi. Nguzo haizuii mitikisiko, inaweza hata kuanguka na kuingia kwenye feni, kwa hiyo nilimfundisha mteja kufungua skrubu tatu na kubonyeza kikufuli. Kasha lilikwenda kwenye buti. Kadi aliipakata ndani ya boksi lake mpaka Nyegezi.