Kimelea cha malaria: siku 13 ndani ya mtu, siku 12 ndani ya mbu

Swali hili huja karibu kila mwaka katika mitihani ya vyuo vya tabibu, uuguzi na maabara: eleza mzunguko wa maisha wa kimelea cha malaria. Wengi hulijibu kwa kupanga majina: sporozoiti, merozoiti, trofozoiti, skizonti, gametositi, oosisti. Majina huwa sahihi, alama huwa chache. Msahihishaji anataka kujua kila hatua inatokea wapi, inachukua siku ngapi, vimelea vinaongezeka kwa kiasi gani, na nani anaweza kuviona. Kwa hiyo tuufuate mzunguko kwa kalenda, tukimshika mtu mmoja na kimelea cha aina moja, falsiparamu, ambacho ndicho kinachoua zaidi barani Afrika.

Mtu wetu analala bila chandarua wilayani Muheza, mkoani Tanga. Usiku wa siku sifuri anaumwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi. Kabla ya kufyonza damu, mbu huingiza mate yanayozuia damu isigande, na pamoja na mate hayo huingia sporozoiti, kwa kawaida makumi tu. Hapa wengi hukosea kwa kuandika kwamba zinamwagwa moja kwa moja kwenye mshipa. Nyingi huachwa ndani ya ngozi, na hapo hujisogeza zenyewe hadi zipate mshipa mdogo wa damu. Baadhi hazifiki popote. Zinazofaulu huingia ini na kujifungia ndani ya seli zake.

Ini ndiyo hatua iliyochelewa kugunduliwa kuliko zote. Alphonse Laveran aliona kimelea katika damu ya askari huko Konstantini, Aljeria, mwaka 1880. Ronald Ross akakiona kwenye ukuta wa tumbo la mbu huko Sekanderabadi, India, mwaka 1897. Baada ya hapo ilipita miaka 50 hivi bila mtu kujua vimelea hukaa wapi katika siku za kwanza baada ya kuumwa, hadi Henry Shortt na Cyril Garnham walipoonyesha mwaka 1948 kwamba hujificha kwenye ini. Garnham alikuwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, na utafiti wake kuhusu vimelea vya damu vya nyani wa huko ulisaidia kuelekeza macho kwenye ini.

Ndani ya seli moja ya ini, sporozoiti moja hukua kwa siku sita au saba na kugawanyika hadi kutoa merozoiti zipatazo 30,000. Mgonjwa hasikii lolote. Hana homa wala upungufu wa damu, na kipimo chochote cha damu kitasema hana malaria. Kwa aina za vivaksi na ovale kuna nyongeza muhimu: baadhi ya sporozoiti hulala usingizi ndani ya ini, zikiitwa hipnozoiti, na huamka baada ya wiki au miezi. Falsiparamu haina hatua hiyo. Ukiandika kwamba falsiparamu hurudi kutoka kwenye ini, umepoteza alama.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme sporozoiti 10 zilifika kwenye ini na kukomaa. Siku ya saba seli hizo 10 zinapasuka na kumwaga merozoiti 300,000 kwenye damu. Ni nyingi kuzisikia, lakini mtu mzima ana lita tano hivi za damu, yaani mikrolita milioni tano. Ukigawanya, unapata vimelea 0.06 kwa mikrolita moja. Mtaalamu hodari wa darubini huanza kuviona vinapofika kama 50 kwa mikrolita, na kipimo cha haraka nacho hakiko mbali na kiwango hicho.

Kila merozoiti huingia chembe nyekundu ya damu ndani ya muda mfupi sana. Mle huonekana kwanza kama pete, kisha hukua kuwa trofozoiti inayokula himoglobini, halafu hugawanyika kuwa skizonti. Baada ya saa 48 chembe hupasuka na kutoa merozoiti mpya, mara nyingi 16 au zaidi. Baadhi hufa kabla ya kupata chembe nyingine, hivyo tukadirie kwamba idadi huongezeka mara 10 kila siku mbili. Siku ya 9 tunapata 0.6 kwa mikrolita, siku ya 11 tunapata 6, na siku ya 13 tunapata 60. Siku hiyo ndipo darubini inapoona kitu, na mwilini mwa mtu huyu tayari kuna vimelea vipatavyo milioni 300.

Hesabu hii inajibu maswali mawili ambayo watahini hupenda kuyaficha ndani ya kisa. La kwanza: mtu aliyeumwa na mbu Jumatatu akapata homa Ijumaa, je, homa hiyo imetokana na mbu wale? Hapana. Siku nne hazitoshi hata kumaliza hatua ya ini. Ama ameumwa zamani, ama anaumwa kitu kingine. La pili ni gumu kidogo: kama kinga ingeua sporozoiti tisa kati ya zile 10, ingekuwaje? Siku ya saba tungekuwa na vimelea 0.006 kwa mikrolita, na kiwango cha 60 kingefikiwa siku ya 15. Kuua asilimia 90 kumechelewesha ugonjwa kwa siku mbili tu. Chanjo mbili zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, moja mwaka 2021 na nyingine mwaka 2023, zote hulenga protini inayofunika sporozoiti. Ukiangalia hesabu hiyo, utaelewa kwa nini chanjo ya namna hiyo hupunguza ugonjwa bila kuuzuia kabisa: sporozoiti moja tu ikipenya, inatosha.

Homa hutokea skizonti zinapopasuka. Vitabu husema ya falsiparamu huja kila baada ya saa 48, na mtihani unataka hivyo, lakini wodini mara nyingi haina mpangilio kwa sababu vimelea havipasuki vyote kwa wakati mmoja. Jambo linalofaa kukumbukwa zaidi ni kwamba chembe zenye trofozoiti iliyokomaa na skizonti za falsiparamu hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na kondo la nyuma. Hivyo hukwepa wengu, ambao ungezichuja. Ndiyo maana slaidi ya damu ya kidoleni huonyesha pete nyingi na karibu hakuna skizonti, na ndiyo maana mgonjwa mwenye pete chache kwenye slaidi anaweza kuwa mahututi.

Sehemu ndogo ya vimelea huacha njia ya kugawanyika na kuwa gametositi, za kiume na za kike. Za falsiparamu hukomaa polepole, siku 10 hadi 12, nyingi zikiwa zimejificha ndani ya uboho, kisha huingia kwenye damu zikiwa na umbo la ndizi. Kwa mtu wetu haziwezi kuonekana kabla ya siku ya 17 hivi. Akienda zahanati siku ya 13 na kupewa dawa mseto, dawa itaua vimelea vya damu pamoja na gametositi changa, na huenda asiambukize mbu yeyote. Akichelewa hadi siku ya 20, zilizokomaa zitaishi baada ya dawa, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Kwa hizo kuna primakwini, dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Ukiona gametositi peke yake kwenye slaidi ya mtu aliyemaliza dawa, usiandike kwamba dawa imeshindwa. Tafuta pete kwanza. Kipimo cha haraka hakikusaidii hapo, maana protini kinayoitafuta hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.

Mbu anayefyonza damu yenye gametositi huchukua pia pete na skizonti, lakini hizo humeng'enywa. Gametositi huamshwa na baridi, kwani damu imetoka kwenye nyuzi 37 za mwili wa mtu, na pia na kemikali iliyomo ndani ya mbu. Kwa dakika 15 hivi ya kiume hunakili kromosomu zake mara tatu na kurusha gameti nane zenye mikia inayopiga huku na huku. Mikia hiyo ndiyo Laveran aliiona, ikamhakikishia kwamba anatazama kiumbe hai.

Gameti ya kiume huungana na ya kike na kuwa zaigoti. Kwa kuwa muungano huu hufanyika ndani ya mbu, mbu ndiye mwenyeji mkuu na mtu ni mwenyeji wa kati. Wengi huandika kinyume, labda kwa sababu mtu ndiye anayeugua. Vimelea vyote vilivyomo ndani ya mtu vina seti moja ya kromosomu. Ni baada ya muungano tu ndipo zinapokuwa mbili, na mayosisi hufuata upesi.

Kwa siku moja zaigoti hugeuka ookineti, hutoboa ukuta wa tumbo la mbu na kutulia upande wa nje ikiwa oosisti. Hapa ndipo idadi huwa ndogo kuliko popote: mbu wa kawaida mwenye maambukizi hubeba oosisti chache tu, pengine mbili au tatu. Lakini kila moja hutoa sporozoiti kwa maelfu, ambazo huelea hadi kwenye tezi za mate.

Muda wa safari hiyo hutegemea joto. Kwa falsiparamu, toa 16 kwenye joto la hewa, kisha gawanya 111 kwa jibu. Kwenye nyuzi 25 unapata siku 12. Kwenye nyuzi 20 unapata karibu 28. Chukua mbu 100, tisa kati ya kila 10 wakiishi hadi kesho yake. Baada ya siku 12 watabaki 28, baada ya siku 28 watabaki watano. Hii ni sababu kubwa ya malaria kuwa nyingi Muheza penye joto na chache Lushoto penye baridi, ingawa wilaya zote mbili ziko mkoa mmoja. Hata hivyo, mbu anayepumzika ndani ya nyumba yenye moto hupata joto zaidi kuliko hesabu inavyosema.

Vyandarua vyenye dawa navyo huingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Ikiwa dawa itashusha wanaoishi kila siku kutoka tisa hadi wanane kati ya 10, basi pale Muheza, baada ya siku 12, watabaki mbu saba badala ya 28.