“Naenda hapo tu”: dakika moja ya redio kwa dereva wa bodaboda

Dakika moja ya redio hubeba maneno 110 hivi ya Kiswahili yakisomwa kwa mwendo wa mtu anayeongea. Ukiyazidisha, mtangazaji ataanza kukimbizana na saa, na msikilizaji ataachwa njiani. Ndani ya maneno hayo mwandishi hutakiwa kuzungumzia kofia ngumu, mwendo na abiria, tena kwa mtu ambaye hakukaa kusikiliza. Dereva wa bodaboda husikia redio akiwa kijiweni, kutoka kwenye simu ya mwenzake au duka la jirani, jicho lake likiwa barabarani kutafuta mteja. Pikipiki moja ikipigwa kiki hapo karibu, sentensi nzima imepotea.

Ndiyo maana matangazo mengi ya usalama hayafiki. Huanza na king’ora, hufuata sauti nzito inayosema ajali zinaua, na humalizia kwa amri. Dereva anajua kuwa ajali zinaua kuliko huyo anayemwambia, maana amekwisha kuzika wenzake wa kijiweni. Asichokuwa nacho ni jibu la kumpa abiria anayesema, “Kaka, acha hiyo kofia, naenda hapo tu.” Akibishana naye, abiria atahamia pikipiki ya pili, na jioni tajiri anasubiri hesabu yake. Tangazo linalofaa humpa dereva maneno ya kusema wakati huo. Hebu tulione moja, lililoandikwa kwa ajili ya vijiwe vya Dar es Salaam.

“Uko kijiweni saa hizi, siyo? Sikia, mwanangu. Abiria anakuja, anakwambia: ‘Kaka, acha hiyo kofia, naenda hapo tu.’ Mjibu: ‘Dada, lami ya hapo na ya mbali ni ile ile. Vaa, tuondoke.’ Mwambie afunge mkanda wa kidevuni. Na wewe funga wa kwako. Njiani atataka umwahishe. Kutoka Mwenge mpaka Sinza, ukikimbia sana unaokoa dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu tu! Bajaji ikikata mbele yako, mwenye mwendo wa arobaini anasimama. Wa sitini anagonga. Na wakija wawili? Mmoja wako, mwingine wa mwenzako anayefuata kwa zamu. Naye ana hesabu ya kupeleka. Kofia mbili, mikanda imefungwa, abiria mmoja. Kazi njema.”

Sentensi ya kwanza haina jambo lolote la maana, na imewekwa hivyo makusudi: ndiyo itakayomezwa na kelele wakati sikio linageuka. “Mwanangu” hapa ni ile ya vijana wa mjini wanavyoitana, hivyo isomwe na sauti ya mtu wa rika lao. Akiisoma mzee wa makamo, maana inabadilika. Aidha, tangazo linamtaka dereva amwambie abiria afunge mkanda, halimtaki amfunge. Kijana kumshika kidevu dada wa watu asiyemjua ni jambo ambalo dereva mwenye adabu hatalifanya, hata likisemwa redioni kila siku.

Jibu la “lami ni ile ile” lina hesabu nyuma yake. Kichwa cha mtu aliyeketi kwenye pikipiki kiko mita 1.5 hivi kutoka ardhini. Kikianguka kutoka hapo, hata pikipiki ikiwa imesimama, kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, na fuvu tupu linaweza kupasuka kwa pigo la namna hiyo. Kwa hiyo safari fupi na ya taratibu haimwondolei abiria anguko lenyewe. Kinachomsaidia ni ile foronya ngumu nyeupe iliyo ndani ya kofia, ambayo hubonyea na kulipunguza pigo kabla halijafika kichwani. Ikishabonyea hairudi, kwa hiyo kofia iliyopata ajali kubwa imekwisha kazi yake hata kama kwa nje inang’aa. Zile kofia za mafundi ujenzi ambazo baadhi ya madereva huwapa abiria hazina kitu hicho kabisa. Zimetengenezwa kumkinga mtu na kinachomdondokea kutoka juu.

Mkanda nao una maneno mengi kuliko dakika moja inavyoruhusu. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka, kichwa kikafuata peke yake. Abiria anaweza kujipima mwenyewe: funga mkanda, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, kisha shika ukingo wa nyuma ya kofia na ujaribu kuisukuma kwenda mbele. Ikivuka paji la uso na kutoka, ni kubwa mno kwako au mkanda umelegea. Wengine huikataa kofia kwa sababu ya jasho la abiria waliotangulia, au kwa kuogopa kuharibu nywele walizosuka jana. Hoja hizo si za kuchekwa. Kitambaa chepesi au kofia ya plastiki ya kuogea, iliyokunjwa kwenye mkoba, huzimaliza zote mbili.

Kwenye mwendo, tangazo limechukua mfano mmoja, kwa sababu sikio halishiki tarakimu nyingi. Tuseme safari ni ya kilomita 3. Kwa kilomita 40 kwa saa inachukua dakika nne na nusu, na kwa 60 inachukua dakika tatu. Hapo ni kama barabara ni tupu. Kwenye foleni na matuta hata hiyo tofauti huyeyuka. Sasa bajaji inakata ghafla mita 25 mbele. Lami ni kavu, breki nzima, na dereva anachukua sekunde moja kushtuka na kushika breki. Wa 40 anasimama baada ya mita 23 hivi. Wa 60 anamaliza mita 17 kabla hata breki haijaanza kushika, na anaifikia bajaji akiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Wengi hudhani angegonga kidogo tu. Mvua ikinyesha, hata yule wa 40 hana uhakika.

Mishikaki ndiyo sehemu ngumu zaidi. Abiria wa pili humsukuma dereva mpaka kwenye tangi, viwiko vikakosa nafasi ya kugeuza usukani, na uzito ukahamia nyuma hadi gurudumu la mbele likawa jepesi. Gurudumu hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Tangazo limeyaacha yote hayo na kuongea habari ya zamu, kwa sababu kijiwe kina utaratibu wake na anayebeba wawili amemnyima mwenzake mteja. Hoja hiyo haimgusi abiria mwenye nauli ya mtu mmoja na mtoto wa kumpeleka shule, na hakuna sentensi ya redio itakayomwongezea pesa mfukoni.

Kabla ya kurekodiwa, karatasi ipelekwe kijiweni. Isomwe mara moja, asubuhi watu wa kazini wakishapungua, pikipiki mbili zikiunguruma pembeni. Kisha dereva aulizwe amesikia nini. Akikumbuka jibu la kumpa abiria, tangazo liko tayari. Akikumbuka jina la mdhamini tu, liandikwe upya.