SKRINSHOTI YA MTEJA: OMBA, FICHA, USIKATE

Leo tuongelee ile meseji ya mteja inayosema "mzigo nimeupata, asante sana", ambayo wengi tukiipokea tunaipiga skrinshoti na kuirusha stetasi hapo hapo. Ushuhuda wa mteja unauza kweli, hasa kwa sisi tulio huku Naliendele tunaouza kwa watu wa Dar au Dodoma ambao hawajawahi kutuona. Mtu anatuma hela kwanza, mzigo unapanda basi baadaye. Kinachompa moyo ni maneno ya mwenzake aliyetangulia. Ndiyo maana maneno hayo yakichezewa, anayeumia ni mtu aliyekuamini na hela yake.

Tuchukue mfano wa dada anayeuza korosho za kukaanga, pakiti za nusu kilo. Mwezi huu kauzia wateja 20.

Kwanza, wakati wa kuuliza. Ukimuuliza mteja siku anayopokea mzigo, atakusifia kwa kuwa mzigo umefika, si kwa kuwa korosho ni nzuri. Ubaya wa korosho unaonekana baadaye: pakiti ikiingiza hewa zinalainika, na zikikaa vibaya zinatoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Kwa hiyo huyu dada asubiri kama wiki moja. Muuza vitenge asubiri kitenge kifuliwe mara ya kwanza. Kila bidhaa ina siku yake ya kusema ukweli.

Pili, swali lenyewe. Ukiuliza "korosho zetu si tamu jamani?", umeshamwekea mteja jibu mdomoni. Uliza hivi:

"Shikamoo mama. Zile korosho za wiki iliyopita umezionaje? Kama kuna kilichokukera pia niambie, nitashukuru."

Akishajibu, ndipo uombe ruhusa kwa meseji ya pili. Usichanganye vitu viwili, maana mtu akijua mapema kwamba maneno yake yatawekwa hadharani, anaanza kupamba. Meseji ya ruhusa iwe wazi:

"Asante mama. Naomba kuweka maneno yako haya stetasi na kwenye ukurasa wangu. Namba na picha yako nitavificha. Niandike jina lako la kwanza, au nisiandike kabisa? Ukibadili mawazo siku yoyote niambie, nitatoa."

Akinyamaza, hajakubali. Akikubali stetasi tu, usipeleke kwenye ukurasa. Na mwambie ukweli kwamba hata stetasi ikijifuta baada ya saa 24, aliyeiona anaweza kuwa ameshaipiga skrinshoti. Majibu haya yaandike kwenye daftari: tarehe, mteja, alichonunua, amekubali nini. Miezi sita ikipita hutakumbuka.

Hili si suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Jina la mteja, namba yake na picha yake ni taarifa zake binafsi, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Tatu, kuficha. Mteja ambaye hujamsevu, WhatsApp inaonyesha namba yake juu kabisa, na picha yake pembeni. Wengi wanapitisha ile kalamu ya rangi ya kwenye simu. Angalia vizuri: kalamu nyingine ni nyepesi, mtu akiongeza mwanga wa picha anaisoma namba yote. Kata kabisa sehemu ya juu, au funika kwa umbo lililojaa rangi, kisha ikuze picha uikague kabla ya kuirusha. Soma pia meseji za juu na chini, isije ikabaki ile aliyokuelekeza nyumbani kwake.

Hatari zaidi ni skrinshoti za malipo. Kuna mtindo wa kuposti meseji za miamala ili kuonyesha wateja wapo. Meseji ile mara nyingi ina jina kamili la aliyelipa, namba yake na kiasi alichotuma. Tapeli akiiona anajua nani ananunua, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Anampigia akijifanya wewe: "dada, hela yako imekwama, tuma tena namba hii." Na mteja atatuma, kwa sababu kila anachosikia ni kweli. Miamala isiwekwe kabisa, hata ikifichwa. Kwanza inathibitisha tu kuwa hela imeingia, haisemi mzigo ulikuwaje.

Picha alizopiga mteja nazo ni zake. Kama amepiga korosho mezani na nyuma yupo mtoto wa jirani, ruhusa ya mteja haitoshi. Omba picha nyingine isiyo na mtoto.

Nne, usikate maneno. Turudi kwa yule dada wa korosho. Mteja mmoja kaandika: "Tamu sana, ila wiki ya pili zilikuwa laini kidogo." Dada akikata baada ya "tamu sana", kila neno lililobaki ni la mteja kweli, lakini habari imekuwa ya uongo. Mwenye duka Dar anaisoma, anaagiza kilo 10 za kuuza taratibu mwezi mzima. Wiki ya tatu zinamlalia, hela ya mtaji imekufa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kukata sentensi ni kupotosha sawa na kutunga ushuhuda feki.

Aweke sentensi nzima, na chini yake ajibu: "Kweli, pakiti zile tulizifunga kwa moto wa mshumaa. Sasa tunafunga kwa mashine. Ukishafungua, hamishia kwenye kopo lenye mfuniko." Hapo mwenye duka anajua cha kuuliza kabla ya kutuma hela.

Ila kuna sifa za kuacha hata kama mteja kasema mwenyewe. Akiandika "tangu nile korosho zako sukari imeshuka", mshukuru na usiiposti. Ukiiweka imekuwa tangazo lako la dawa, na mgonjwa anaweza kuacha vidonge vyake kwa ajili ya pakiti ya korosho.

Na zawadi? Ukitoa punguzo kwa wanaosifia tu, umenunua sifa. Mpe kila aliyejibu, hata aliyelalamika, na useme kwenye posti kwamba waliojibu walipewa punguzo. Ndugu na rafiki zako wakisifia, sema ni ndugu zako.

Mwisho, dada wetu ahesabu. Aliuliza 20, wakajibu 9. Saba walisifia, wawili walilalamikia ulaini. Walioruhusu maneno yao ni 6, mmoja wao ni mlalamikaji. Aposti hao 6 wote, na juu aandike: "Niliuliza wateja 20 wa mwezi huu, 9 walijibu: 7 waliridhika, 2 walisema zililainika." Hesabu haitaji jina la mtu, kwa hiyo hata wasioruhusu maneno yao wanahesabiwa humo. Watu 9 hawatoshi kusema korosho zake ni bora Mtwara nzima, na asiseme hivyo. Wanatosha kumwambia mgeni wa Dar atarajie nini akifungua pakiti.