Barua ya kumwombea mwanafunzi ruhusa siku ya maombi ya watahiniwa

Muhula wa tatu ndio msimu wa siku za maombi shuleni. Kabla ya mitihani ya kitaifa kuanza, shule nyingi huwaalika wazazi, wachungaji na wageni wengine. Watahiniwa hupangwa mbele, huombewa, na kalamu na seti zao za jiometri hubarikiwa. Wazazi wengi huisubiri siku hiyo kwa hamu. Lakini zipo familia, Waislamu, Mashahidi wa Yehova na nyinginezo, ambazo imani yao haiwaruhusu kushiriki ibada ya dini au dhehebu jingine, na mara nyingi mtoto ndiye huachwa aieleze shule jambo hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Kazi hiyo si ya mtoto. Ni ya mzazi au mlezi, na inafaa ifanywe kwa barua.

Haki yenyewe imo katika Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kinasema kuwa kila mtu ana uhuru wa dhamiri na dini, na kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inampa mfadhili wa shule, kwa kawaida kanisa au taasisi nyingine ya dini, nafasi ya kulea maisha ya kiroho shuleni, lakini inamtaka alinde pia imani za wanafunzi wengine. Kwa hivyo jibu kwamba “hii ni shule ya kanisa” halitoshi ikiwa shule ni ya umma.

Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Kanisa la Waadventista wa Sabato kuhusu wanafunzi waliotakiwa kuhudhuria shughuli za shule siku ya Jumamosi. Mahakama iliona kuwa kanuni inayowahusu wote kwa usawa inaweza bado kuwabagua wachache, na kwamba shule zinapaswa kuwatafutia nafasi inayowezekana. Neno “inayowezekana” lina uzito hapo. Shule haiwajibiki kubadilisha tarehe ya sherehe kwa ajili ya mtoto mmoja, ila inapaswa kutafuta namna ambayo mtoto huyo hatalazimishwa kushiriki.

Chukua mfano wa mama mwenye mtoto wa Gredi ya 9 katika shule ya kutwa ya umma. Mwaliko unasema maombi ni Ijumaa, tarehe 16 Oktoba, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kabla ya kuandika chochote, mama huyu anamuuliza mwalimu wa darasa ratiba ya siku hiyo. Anaambiwa kuwa ibada itamalizika saa tano, na kuanzia saa tano na nusu mwalimu mkuu atawaeleza watahiniwa kanuni za chumba cha mtihani na kuwapa ratiba na nambari zao. Sehemu hiyo ya pili haina ibada ndani yake, na mtoto anaihitaji. Swali hilo moja kwa mwalimu ndilo linaloamua kama barua itakuwa nzuri au mbaya, kwa sababu mama akiomba mtoto akose siku nzima, mtoto atakosa maelezo ya mtihani bila sababu ya kiimani. Barua yake basi inakuwa hivi:

“Kwa Mwalimu Mkuu,

KUH: OMBI LA RUHUSA YA KUTOSHIRIKI IBADA YA MAOMBI, IJUMAA TAREHE 16 OKTOBA

Mimi ni mama ya mwanafunzi aliyetajwa hapa chini, wa Gredi ya 9. Nashukuru kwa mwaliko wa siku ya maombi ya watahiniwa. Imani ya familia yetu haituruhusu kushiriki ibada ya dhehebu jingine, ikiwemo kuombewa kwa kuwekewa mikono na kubarikiwa kwa vifaa.

Naomba mwanangu asiwe katika ibada hiyo kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Atafika shuleni kwa wakati wa kawaida, na anaweza kukaa darasani akijisomea au mahali pengine utakapoelekeza chini ya uangalizi wa mwalimu. Atajiunga na wenzake saa tano na nusu kwa maelezo ya mtihani.

Ombi hili halihusu masomo wala shughuli nyingine za shule. Niko tayari kufika ofisini kulizungumzia.

Wako mwaminifu,”

Chini yake anatia sahihi, jina lake kamili, nambari ya simu, na jina la mwanafunzi pamoja na nambari yake ya usajili shuleni.

Barua hii haielezi mafundisho ya dini wala haiikosoi ibada ya wengine. Inataja tendo ambalo mtoto hawezi kulifanya, saa zake, na mahali atakapokuwa. Hilo la mwisho ndilo linalomsumbua mwalimu mkuu zaidi, kwa kuwa mtoto aliye ndani ya ua ni jukumu lake. Ombi lisilosema mtoto atakuwa wapi humlazimu akatae au abuni mpango mwenyewe. Barua ya imamu, mchungaji au mzee wa kanisa inaweza kuambatishwa, na husaidia pale ambapo shule haiijui imani hiyo, ingawa Katiba haimtaki mtu alete cheti cha imani yake.

Ipelekwe ofisini angalau wiki mbili kabla, nakala 2, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani. Ujumbe kwenye kikundi cha simu cha wazazi si mbadala wake, na wala si vizuri mambo ya imani ya mtoto yasomwe na wazazi wote wa darasa.

Wapo wanaochagua njia ya mkato ya kusema mtoto ni mgonjwa. Njia hiyo huziba mlango wa baadaye, kwani mwaka unaofuata shule haitakuwa na kumbukumbu yoyote ya ombi la kiimani, na mtoto atakuwa amefundishwa kudanganya kwa ajili ya dini. Wengine huandika kwamba mtoto asihusishwe na “mambo yote ya dini” shuleni. Ombi pana kiasi hicho halimwambii mwalimu la kufanya Jumatatu asubuhi gwarideni.

Wakati mwingine shule hujibu kuwa mtoto aketi tu ukumbini bila kushiriki. Kuna familia zinazoliridhia hilo na nyingine haziwezi. Ni bora mzazi aamue nyumbani mapema, kisha aseme wazi.

Shule ikikataa, mzazi aombe jibu kwa maandishi na kuiandikia Bodi ya Usimamizi wa Shule. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi hiyo, hivyo barua ielekezwe kwa mwenyekiti. Hatua inayofuata ni Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Wakazi wengi hufika kwanza katika ofisi za serikali ya kaunti, lakini chini ya Katiba kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Wizara ya Elimu, na waziri wa elimu wa kaunti hana mamlaka ya kumwamuru mwalimu mkuu.

Mtoto akichapwa, akiaibishwa mbele ya wenzake au akifukuzwa kwa sababu ya ombi hilo, suala si la ruhusa tena. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya kimwili na ya kisaikolojia, na malalamiko hayo yapelekwe moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo, pamoja na ile nakala yenye mhuri.