Paa likivuja Tukuyu, mbunifu majengo aiandikie bima mapema

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hapo ndipo makosa ya mchoro wa paa hujitokeza. Tuchukue mfano. Mbunifu majengo amechora nyumba ya wageni yenye mapaa mawili yanayomwaga maji kwenye mfereji mmoja wa katikati. Mfereji ni mwembamba na mwinamo wake mdogo. Mvua za Novemba zinafurika hadi vyumbani, dari linaanguka. Tarehe 20 mwenye nyumba anamtumia ujumbe wa simu: “Mchoro wako umeniharibia nyumba.”

Mbunifu huyo ana bima ya dhamana ya kitaaluma inayokwisha Desemba 31. Wengi hapa huomba radhi, huahidi kurekebisha kwa gharama zao, kisha husubiri hasira ipoe. Ni njia ya kiungwana, lakini inaweza kumpotezea kinga.

Bima ya gari huangalia siku ya ajali. Bima ya dhamana ya kitaaluma kwa kawaida huangalia siku dai lilipoletwa, au siku kampuni ilipoarifiwa jambo linaloweza kuzaa dai. Akinyamaza, akahuisha bima Januari bila kutaja malalamiko, kisha akashtakiwa Machi, bima ya zamani itasema muda wake umekwisha. Ile mpya itasema alilijua jambo kabla ya kuingia mkataba, akalificha. Atabaki katikati, bila mlipaji.

Akiarifu kabla ya Desemba 31, na hati yake ikiwa na kifungu cha taarifa za aina hiyo, dai la Machi litahesabiwa kwenye bima ya mwaka ulipotolewa taarifa.

Taarifa haihitaji mashtaka wala barua ya wakili. Ujumbe ule wa simu unatosha kuianzisha. Aandike namba ya hati ya bima, jengo lilipo, kazi aliyopewa, siku aliyopata malalamiko, sehemu inayolalamikiwa na hasara inayoweza kudaiwa. “Kuna mteja hajaridhika” ni maneno mepesi mno. Ataje mfereji, maji na dari. Aambatanishe mkataba, michoro na ujumbe wenyewe. Akipitia kwa dalali wa bima, adai uthibitisho kwamba kampuni imepokea.

Kwa mteja ajibu kwa heshima: nimepokea malalamiko, ninayafuatilia. Anaweza kushauri vyumba vifungwe na vyombo vihamishwe ili hasara isiongezeke. Lakini asikiri kosa wala kuahidi malipo kabla kampuni haijakubali, kwa sababu hati nyingi zinakataza. Tena huenda kosa ni la fundi aliyepunguza mfereji uliochorwa. Ukaguzi ndio utakaosema.

Wabunifu wa Rungwe, someni kifungu cha taarifa kwenye hati zenu kabla mvua hazijaanza. Lalamiko likija, andikeni siku hiyohiyo.